Posho ya ufadhili ilikuwa pungufu ya siku kumi na tatu

"Wakuu, posho yangu ya ufadhili inaingia kila miezi mitatu lakini naiona pungufu kuliko mkataba. Ofisini wanasema ni makato ya benki. Nitajuaje kama ni kweli?"

Kwanza toa taarifa ya akaunti, uangalie kilichoingia. Kwenye akaunti yangu, makato ya benki yalikuwa na mstari wake, vijisenti tu. Lakini hela yenyewe ilikuwa imeshaingia pungufu, kwa hiyo aliyeikata ni aliyeituma.

Mimi mkataba wangu ulisema 450,000 kwa mwezi, kuanzia Novemba, kulipwa kwa awamu za miezi mitatu. Awamu ya kwanza iliingia 1,155,000. Sikushtuka, maana nilichelewa kuripoti chuoni, na kipengele kilisema posho inahesabiwa tangu siku ya kuripoti. Februari ikaingia 1,155,000. Mei, hivyo hivyo. Kumbe kilichonilaza ni huko kufanana: namba ikijirudia unaizoea, unapanga kodi na chakula juu yake, unasahau ilikotoka.

Siku moja mwenzangu wa ufadhili huohuo akataja ya kwake: 1,350,000. Nikarudi chumbani nikachukua daftari. Tofauti ni 195,000. Nikagawa 450,000 kwa siku 30 za Novemba, nikapata 15,000 kwa siku. Halafu 195,000 kwa 15,000: kumi na tatu kamili, haina hata shilingi inayobaki. Fomu yangu ya usajili ina muhuri wa tarehe 14 Novemba! Yaani siku kumi na tatu nilizochelewa mara moja, walinikata kila awamu. Aliyeandaa malipo alichukua kiasi cha awamu ya kwanza akakihamishia kwenye zilizofuata.

Hapo usiponzwe na hasira. Nilitaka kudai awamu zote tatu, 585,000. Dada mmoja wa mwaka wa mwisho akanizuia: ya kwanza walikata kwa haki, ukiichanganya humo watakurudishia barua nzima. Nikadai 390,000 tu. Barua ukurasa mmoja, nikaambatanisha ukurasa wa mkataba wenye kiasi na kile kipengele, nakala ya fomu ya usajili, na taarifa ya akaunti nikiwa nimepigia mstari yale malipo matatu.

Wa mapokezi naye aliniimbia wimbo wa makato ya benki. Nikaomba barua ifike kwa mhasibu, na nakala yangu igongwe muhuri wa kupokelewa. Mhasibu alipoona ile kumi na tatu hakubishana, alifungua jedwali lake mwenyewe. Ilichukua wiki tano, 390,000 ikaingia yote.

Kwa hiyo tuwekee hapa kiasi cha mkataba, ulichopokea kila awamu na tarehe uliyoripoti. Kama tofauti yako haigawanyiki kwa siku, basi tatizo lako ni jingine. Na kama mkataba umeandikwa kwa dola, tuambie pia, maana hapo itabidi uulize walitumia kiwango cha siku gani.