Kumtania mwalimu anayestaafu

"Mwalimu aliyetufundisha Kiswahili anastaafu Ijumaa. Nimepewa dakika tatu nimtanie kuhusu ukali wake na kalamu nyekundu. Nianzeje?"

Ndugu, dakika tatu ni kama maneno 300 kwa mwendo wa utulivu. Vicheko navyo vinakula muda, kwa hiyo andika 250. Anza na shikamoo, kisha chukua utani mmoja uukuze. Kalamu inatosha:

"Mwalimu, hotuba hii nimeiandika kwa kuruka mstari, upate pa kusahihisha. Hata kadi yangu ya harusi uliirudisha na 6 kwa 10, chini yake: 'Nione ofisini.'"

Waache wacheke. Halafu kalamu hiyo hiyo igeuze shukrani:

"Ila kila kosa ulilolizungushia duara, ulikuwa umelisoma. Madaftari ya darasa zima, miaka yote hiyo."

Hapo taja miaka ya utumishi, uliyoihakikisha kwa mwalimu mkuu.

Viboko usiviguse. Aliyechapwa yumo ukumbini, wajukuu wa mwalimu pia wamo, na kicheko hukatika ghafla. Alhamisi msomee mwalimu mwenzake. Mstari utakaomfanya asite, ufute.