Walinikataa kwa Dakika Sita, Nikauliza Sababu kwa Heshima

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Ilemela aliniandikia kwamba ombi lake la kazi limekataliwa kwa sentensi moja tu, akaniuliza kama inafaa kujibu. Inafaa, nami nasema hivyo kwa sababu yalishanikuta.

Niliomba nafasi ya mkaguzi wa ubora katika kiwanda kimoja cha minofu ya sangara hapa Mwanza, kazi niliyokuwa nikiifanya kwingine kwa karibu miaka mitatu. Nilituma fomu Jumapili saa nne usiku, na dakika sita baadaye nikapokea barua pepe: "Tunasikitika kukujulisha kuwa hukukidhi vigezo." Hakuna ofisa anayekagua vyeti vya watu saa hiyo kwa kasi hiyo, ulikuwa mfumo wa kompyuta. Nakiri kwamba niliumia, na jibu langu la kwanza lilijaa kejeli. Nashukuru halikumfikia mtu, kwa kuwa anuani iliyoniandikia ilianza na `noreply`, yaani haipokei barua.

Asubuhi nilitafuta anuani ya ofisi ya rasilimali watu katika tangazo lenyewe la kazi, nikaandika hivi, nikitaja na namba ya ombi langu:

"Ndugu Ofisa Rasilimali Watu, nashukuru kwa kunijulisha matokeo mapema. Siombi uamuzi ubadilishwe. Naomba kufahamu ni kigezo kipi sikukikidhi, kati ya elimu, uzoefu na nyaraka, na kama fomu yangu ilisomwa na mtu au ilichujwa na mfumo peke yake. Jibu la mstari mmoja litanitosha."

Ukiuliza "kwa nini mmenikataa?", unamlazimisha ofisa kujitetea, naye atanyamaza. Ukimwekea vigezo vitatu achague kimoja, anajibu akiwa amesimama. Lakini usiandike kwamba huombi mabadiliko ikiwa moyoni unayataka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inampa mtu haki ya kujulishwa pale uamuzi unaomwathiri kwa kiasi kikubwa unapofanywa na mashine peke yake, na haki ya kutaka ufikiriwe upya. Haimlazimishi mwajiri kukuajiri. Mimi ningeitaja katika barua ya pili, iwapo ya kwanza haikujibiwa, kwa maana ukianza na sheria shukrani zako zitasomeka kama unafiki.

Jibu lilikuja siku ya nne: mfumo ulihesabu uzoefu wangu kuwa sifuri, kwa sababu sikujaza tarehe ya kumaliza kazi. Ningeijazaje, na bado nilikuwa kazini! Nafasi ilikwisha kupata mtu, na jambo hilo linaniuma hata leo. Siku hizi, fomu ikikosa sehemu ya kuonyesha kwamba bado niko kazini, pale penye tarehe ya kumaliza naandika tarehe ya siku ninayoituma, kisha naeleza hali halisi katika barua ya maombi.