Kikombe na kishikio: kina chake, na voliumu inavyotakiwa kukauka

"Wakuu, mimi hivi vikombe naviona kila chati ninayofungua, ila nikiingia tu bei inageuka. Kikombe kinatakiwa kishuke asilimia ngapi, na kishikio je? Halafu voliumu kwenye kishikio inasomwaje, maana wengine wanasema ikipungua ndo vizuri, wengine wanasema hiyo hisa imekosa wanunuzi."

Mkuu, hao wote wawili wanaweza kuwa sahihi, inategemea bei inafanya nini wakati voliumu inapungua, nitafika huko. Kwanza tumalize kina maana vikombe vingi vinachujwa hapo hapo kabla hata hujaangalia voliumu.

Zile asilimia zinazozunguka mitandaoni, 12 mpaka 33 kutoka kileleni hadi chini ya kikombe, zimetoka kwa William O'Neil, yule Mmarekani aliyeipa umaarufu kwenye kitabu chake cha 1988 hii peteni ya bei kushuka, kuzunguka chini na kupanda tena kama kikombe, halafu kuteleza kidogo kama kishikio. Mi nazitumia mpaka leo ila nataka ujue kwanini ziko hivyo. Hisa ikishuka asilimia 33 inahitaji kupanda 50 ili irudi ilipokuwa, ikishuka 50 inahitaji kupanda 100, na njia nzima ya kupanda huko inakutana na watu walionunua juu wakakwama, kila mmoja anasubiri bei yake ya kununulia irudi atoke salama. Kikombe kikiwa na kina kikubwa sana hao watu ni wengi na wamechoka. Soko zima likiwa limeporomoka unaweza kuvumilia 40 au hata 50, lakini soko likiwa linapanda na hisa yako peke yake imeanguka 45, hapo kuna kitu wenye hisa wanakijua wewe hukijui.

Na kabla ya kikombe lazima kuwe na safari ya kupanda, angalau asilimia 30. Watu wanaisahau sana hii, wanachora kikombe chini kabisa ya hisa iliyokuwa inaanguka mwaka mzima. Hicho sio kikombe cha kuendeleza trendi, ni hisa inajaribu kufufuka, na inafuata tabia zake nyingine kabisa.

Sasa chukua mfano huu, namba nimezifanya rahisi ili uzione. Hisa imepanda kutoka 60 hadi 100, ikageuka, ikashuka taratibu kwa wiki sita hivi mpaka 74. Hiyo ni asilimia 26, safi. Imezunguka chini pale wiki nne, tano, halafu imepanda mpaka 98 na hapo ikaanza kuteleza, ndo kishikio kinaanza. Katikati ya kikombe ni wastani wa 100 na 74, yaani 87. Katikati ya kishikio, yaani wastani wa juu na chini yake, kunatakiwa kukae juu ya hapo, na kishikio kisishuke zaidi ya asilimia 8 hadi 12 kutoka kilele chake mwenyewe, yaani ile 98, sio ile 100. Tuseme kimeshuka hadi 90, hiyo ni asilimia 8 na kidogo. Kiko poa.

Kwanini hiyo 8 mpaka 12? Jibu langu ni la mfukoni zaidi kuliko la chati. Unanunua bei ikivuka 98, na stopu yako ya asilimia 7 au 8 inaangukia 90 na ushee, karibu kabisa na chini ya kishikio, kwahiyo ukitolewa unatolewa kwasababu peteni imekufa kweli. Kishikio kikiwa na kina cha asilimia 15 au 18 stopu hiyo hiyo inakaa katikati ya hewa, bei inaweza kukugusa wakati kishikio chenyewe bado kizima, na ukiisogeza stopu mpaka chini unabeba hasara ambayo hukuipangia.

Haya, voliumu. Tuseme wastani wake wa siku 50 ni hisa laki sita kwa siku. Bei inapotoka 98 siku za kwanza unaweza kuona laki tano, laki nne na nusu, hao ni wale waliokwama juu wanatoka, ni kawaida. Ninachosubiri kiko mwishoni, bei ikiwa pale 90 na 91. Hapo nataka kuona siku mbili tatu za laki mbili na nusu, na mishumaa iwe mifupi, inafunga karibu na ilipofunga jana. Voliumu imekauka na bei haishuki. Maana yake wauzaji wameisha, aliyebaki na hisa hana haraka, kwahiyo mnunuzi mkubwa akija itabidi apandishe bei ndo apate mzigo.

Hao wanaosema hisa imekosa wanunuzi wanaongelea hali nyingine: voliumu inapungua lakini bei bado inateleza, leo 91, kesho 89, keshokutwa 88. Kama kiasi kidogo tu cha kuuza kinaisukuma bei chini basi kweli hakuna mtu anayepokea. Voliumu ile ile, maana tofauti kabisa.

Kuna moja inawanasa wengi. Chukua chati ile ile lakini kishikio kishuke hadi 84 na siku mbili za kushuka ziwe na laki nane nane. Ukipiga wastani wa 98 na 84 unapata 91, bado iko juu ya 87, kwahiyo kanuni ya nusu ya kikombe inapita! Lakini kina ni asilimia 14, na laki nane kwenye siku nyekundu maana yake fandi fulani inapakua mzigo. Hiyo naiacha. Siku moja ya voliumu kubwa naweza kuisamehe kama bei ilishuka mchana ikarudi kufunga karibu na juu ya siku, kwasababu hapo kuna mtu amepokea vyote vilivyouzwa. Mbili zikifunga chini, hapana.

Angalia pia kishikio kinachopanda, yaani badala ya kuteleza chini kinajivuta juu kidogo kidogo huku voliumu ikipungua. Kinapendeza machoni lakini hakijawatikisa wenye roho nyepesi, na kinapovuka ndo wanaanza kuuza. Na kwenye hisa ambazo kwa kawaida haziuziki au wiki za sikukuu, kukauka kwa voliumu hakukwambii kitu, maana kila siku ni kavu. Kwenye foreksi ndo kabisa, voliumu unayoiona ni ya broka wako, usiipe uzito huo.

Siku ya kuvuka 98 nataka angalau asilimia 40 hadi 50 juu ya wastani, kwa mfano wetu laki nane na nusu kwenda juu. Shida ni kwamba hiyo namba unaijua soko likishafunga, na bei inavuka saa nne asubuhi. Linganisha na kiasi ambacho hisa hiyo huwa imefikisha saa hiyo hiyo siku nyingine, usichukue saa ya kwanza ukaizidisha kwa masaa ya siku nzima, kwasababu saa ya kufungua na ya kufunga huwa nzito kuliko zile za katikati na utajikuta unaona mlipuko ambao haupo.