Maelezo marefu chini ya picha: kwa wanaoanza kushika chaneli yetu

Ninyi mnaoingia sasa kwenye kikundi chetu cha matangazo hapa Bukavu mtaanzia kwenye chaneli ya Telegram. Mapema sana mtakutana na tangazo lililoandikwa vizuri ambalo, mkilibandika chini ya picha, linakataa kutumwa. Sababu ni hii: Telegram inakubali hadi herufi 4096 kwenye ujumbe wa maandishi peke yake, lakini maandishi hayo yakiambatana na picha au video, akaunti ya kawaida inabaki na 1024 tu. Nafasi kati ya maneno inahesabiwa, na mstari mtupu pia. Hata bendera ndogo ya nchi yetu haihesabiwi kama herufi moja, kwa sababu ndani yake ni alama mbili zilizounganishwa, C na D.

Kabla ya kulaumu kikomo, hakikisheni kwamba maandishi yamekatwa kweli. Instagram inaonyesha mwanzo tu wa maelezo na kuficha mengine mpaka msomaji aguse. WhatsApp nayo hukunja ujumbe mrefu. Hapo hakuna kilichopotea. Nakilini maelezo yote, yabandikeni kwenye daftari la simu, kisha mtazame mstari wa mwisho. Ukiwepo, tangazo ni zima, ila msomaji mwenye haraka hataufikia. Kwa hiyo siku, mahali na namba ya simu vikae juu, salamu zifuate.

Tuchukue mfano wa tangazo la chanjo ya watoto lenye herufi 1310. Salamu na utangulizi ni 290. Orodha ya vituo vya Ibanda, Kadutu na Bagira ni 640. Siku, saa, vitu vya kuleta na namba za simu ni 380. Zinazozidi ni 286. Anayeanza kazi hufuta salamu, anabaki na 1020, tangazo linapita, anafurahi. Mimi sipendi njia hiyo. Amebakiwa na nafasi ya herufi nne, na kituo kimoja kikihama kesho hataweza hata kuandika kwamba kimehamia shule ya jirani. Afadhali kuacha zile 380 chini ya picha pamoja na mstari unaotaja kata tatu, kisha kutuma orodha ya vituo kama ujumbe wa maandishi unaoijibu picha hiyo. Njia hii ina hasara yake: watu husambaza picha peke yake na orodha inabaki nyuma. Ndiyo maana namba ya simu haitoki chini ya picha hata siku moja.

Sasa kuhusu maelezo yasiyokubali kuhaririwa, ambayo huwachanganya hata wazoefu. Mwenye akaunti ya Premium, yaani ya kulipia, anaruhusiwa maelezo ya hadi herufi 4096. Akituma lile tangazo la herufi 1310 kama lilivyo, linapita. Kesho yake siku inabadilika kutoka Alhamisi kwenda Ijumaa, na wewe mwenye akaunti ya kawaida unapewa kazi ya kusahihisha neno hilo moja. Unalibadilisha, unahifadhi, inakataa. Utadhani umenyimwa ruhusa ya usimamizi, lakini ruhusa unayo. Ukihariri, maelezo yote yanapimwa upya, na kipimo ni cha akaunti yako, si cha aliyetuma. Boti yetu ya kupanga matangazo iko vivyo hivyo. Kikomo chake ni 1024 hata kama mwenye kuiunda ana Premium, na hurudisha jibu hili:

```
Bad Request: message caption is too long
```

Mkiona jibu hilo msianze kuhangaika na ruhusa. Mwombeni aliyetuma ahariri mwenyewe, au punguzeni maelezo yashuke chini ya 1024 kisha mhifadhi. Kufuta na kutuma upya iwe njia ya mwisho. Kwa njia yoyote mtakayotumia, nakala zilizokwisha kusambazwa zitabaki na siku isiyo sahihi.

Viungo vya tovuti pia hula nafasi bure. Anwani ndefu ikiandikwa yote, kila herufi yake inahesabiwa. Ukiificha chini ya neno, linahesabiwa lile neno tu. Maandishi mazito au ya mlalo hayaongezi kitu.

Kwa albamu ya picha, andikeni maelezo kwenye picha moja tu. Mkiyagawa kwenye picha mbili, hayataonekana chini ya albamu. Kila moja litasomwa na yule tu atakayefungua picha yake.

WhatsApp, ambako wazazi wengi husomea, haina uvumilivu wa chaneli ya Telegram. Mnaweza kuhariri ndani ya dakika 15 tangu kutuma, basi. Kwa hiyo tangazo lianzie Telegram, mwenzenu asome tarehe na namba za simu kwa sauti, ndipo liende WhatsApp.