Simu ikiandika "pau", tatizo ni pua yako

Wadogo zangu mnaoanza kazi dukani hapa Mtwara, wateja wa Palma, ng'ambo Msumbiji, hawatawasumbua, wengi mtaelewana nao kwa Kimakonde au Kiswahili. Shughuli iko kwa anayetoka Nampula au Maputo na Kireno chake kitupu. Mimi nilijifunza kwa programu ya simu, na kosa langu lilikuwa kuiamini alama yake ya kijani.

Programu ikikwambia usome sentensi kwa sauti, yenyewe inajua tayari unachotakiwa kusema. Ukikaribia tu, inakupitisha. Nilipitishwa hivyo miezi miwili. Siku moja nikamtajia mteja bei ya tairi la pikipiki, elfu sabini, yaani setenta mil. Mdomoni ikatoka sessenta. Akahesabu elfu sitini, akashukuru, akaondoka. Elfu kumi nikaijazia mwenyewe.

Tangu hapo najipima kwenye kibodi. Fungua mahali pa kuandika ujumbe, weka kibodi ya Kireno, gusa kipaza sauti, sema. Kibodi haina jibu mkononi, inaandika ilichosikia. Anza na pão, mkate. Sisi tunalitamka "pao" waziwazi, na simu inaandika pau, kipande cha mti. Ile ã hupitia puani: bana pua kwa vidole ukiitamka, na sauti isipobadilika ujue pua haikufanya kazi. Ila sema neno peke yake. Ukilitia kwenye sentensi ya kula, simu itabahatisha kwa maneno ya jirani na kukuandikia pão hata kama umekosea.

Lengo langu la siku likawa hilo: dakika kumi kabla ya kufungua duka, neno moja mara kumi. Likiandikwa sawa mara 8, siku mbili mfululizo, nahamia jingine. Pointi za programu niliachana nazo, maana saa tano usiku nilikuwa narudia somo la kwanza ili tu hesabu ya siku zangu mfululizo isikatike.

Masomo pakueni kwenye Wi-Fi kabla ya safari. Lakini somo lililopakuliwa hubeba maandishi na sauti ya mwalimu. Kukusikiliza wewe mara nyingi kunataka mtandao. Ingia kwenye mipangilio ya kuandika kwa sauti, upakue Kireno huko pia, kisha zima data na ujaribu ukiwa bado nyumbani. Mimi niligundua hilo Kilambo, nikingoja kuvuka Ruvuma, kipaza sauti kimenuna.

Mkichagua lugha mtaona Português (Brasil) na Português (Portugal). Chukueni ya pili, ndiyo iliyo karibu na Kireno cha Msumbiji. Masomo mengi ni ya Brazili, ambako bom dia husikika "bon djia". Nilimsalimia hivyo mama mmoja wa Maputo, akacheka, akaniuliza kwa siku naangalia tamthilia ngapi.