Kibao cha mvule kinachonuka samaki: randa kwanza, ndimu baadaye

Swali: Fundi, salamu kutoka Ggaba. Nina kibao cha kukatia cha mvule, sentimita 45 kwa 30, unene sentimita 4. Hapo ndipo ninapokatia ngege na vitunguu kwenye kibanda changu cha chakula. Kimejaa mikato ya kisu, na nikikimwagia maji ya moto harufu inapanda, ingawa nimekisugua kwa ndimu na bekingi soda mara nyingi. Nikakipaka mafuta ya alizeti, ikawa mbaya zaidi. Kinatengenezeka, au nitafute kingine? – Mama wa kibanda

Jibu: Kinatengenezeka, mama, na sentimita 4 ni unene wa kutosha kukitengeneza zaidi ya mara moja. Ndimu ni dawa sahihi. Shida ni kwamba umeipaka juu, na harufu iko chini. Kila mkato wa kisu ni mfereji mwembamba ambao kuta zake ni nyuzi za mbao zilizokatwa, zikiwa wazi kunywa kila kinachopita: ute wa samaki, maji ya vitunguu, mafuta. Brashi haifiki kwenye sakafu ya mfereji huo, na ndimu hufika ikiwa imekwisha nguvu. Kwa hiyo mikato na harufu ni ugonjwa mmoja. Ondoa mbao iliyokatwa, na sehemu kubwa ya harufu itaondoka nayo.

Anza kwa kupima kina cha mikato. Chukua kadi ya zamani ya muda wa maongezi, kata ukanda mwembamba, usimamishe ndani ya mkato mpaka uguse chini, kisha weka alama ya kalamu pale unapokutana na uso wa kibao. Pima mikato mitano au sita ya katikati, maana huko ndiko kisu hutua zaidi, na uishike ile namba kubwa. Tuseme umepata milimita 3. Juu utaondoa milimita 3 na nusu. Chini nako utaondoa kama milimita 1 na nusu, hata kama hakuna mkato. Ukichonga upande mmoja tu, mbao mpya ya upande huo huvuta na kutoa unyevu tofauti na upande wa zamani, na baada ya siku chache kibao hujikunja kama kigae cha paa. Hesabu yako basi ni 40 kutoa 5, unabaki na milimita 35. Hicho bado ni kibao kizito na imara.

Kabla ya randa kuna kuosha na kukausha, na hapa ndipo wengi wanapoharakisha. Suuza kwanza kwa maji baridi, kwa sababu maji ya moto huigandisha protini ya samaki ndani ya mkato. Kisha tumia maji ya vuguvugu na sabuni, ukipitisha brashi ngumu kwa kufuata mkato wenyewe. Magamba na mchanga vikibaki humo vitalitafuna jino la randa, na fundi atakuwa na haki ya kukukatalia.

Kisimamishe kwa ubavu kivulini, hewa ipite pande zote mbili. Usikianike juani wala kukiegemeza karibu na sigiri, maana uso hukauka haraka kuliko kiini na kibao hupasuka kuanzia kwenye ncha. Kujua kama kimekauka, kipime kwenye mizani ya dukani kila asubuhi. Cha ukubwa wako kitakuwa na uzito wa kilo tatu na nusu hivi, na kwa siku za mwanzo utaona gramu zikipungua. Asubuhi mbili mfululizo zikitoa uzito uleule, kiko tayari. Miezi ya mvua inaweza kuchukua wiki nzima. Kibao kikipigwa randa kingali na maji hutoka na manyoya, kisha hujikunja kinapokauka.

Sasa kipeleke kwa mafundi wa mbao, Ndeeba au karibu na kwako, wakipitishe kwenye mashine ya randa. Mwombe fundi achukue nusu milimita kwa kila pito, asizidishe. Nyuzi za mvule hazilali upande mmoja. Tabaka hili huelekea kulia, linalofuata kushoto, kwa hiyo jino likila sana litang'oa vipande badala ya kukata. Mwambie pia ni mvule, ingawa ataijua, kwani mbao hii wakati mwingine huwa na madini meupe ndani, magumu kama jiwe, yanayolivunja makali jino. Vumbi lake huwasha ngozi na kubana kifua, kwa hiyo anayesugua afunike pua na mdomo.

Ukitumia randa ya mkono, ipitishe mshazari kwanza ili isichimbe, kisha malizia kwa kufuata nyuzi. Msasa peke yake kwa milimita 3 ni kazi ya saa nyingi, na mkono hujikuta ukikandamiza pale penye mkato. Matokeo yake ni bonde katikati, ambamo maji yatatuama na kitunguu hakitakatika mpaka chini. Simamisha rula kwa ukingo wake juu ya kibao na uangalie mwanga kwa chini. Mwanga ukipita katikati, tayari pamebonyea.

Ukimaliza na bado ukaona mikato miwili mitatu hafifu isiyofika nusu milimita, iache. Brashi inaifikia. Kuifukuza hiyo kwa kuondoa milimita nyingine nzima ni kupoteza mbao. Na usizibe mkato wowote kwa gundi na unga wa mbao. Kizibo hicho huachia pembeni kwa kupanuka na kunywea kwa kibao, maji huingia nyuma yake, na vipande vyake huishia kwenye chakula.

Sasa ndimu ina kazi, kwa kuwa mbao iko wazi. Mwagia maji ya moto kidogo na unuse. Ikiwa ni samaki, unachonusa ni traimethilamini, kitu chenye asili ya besi kinachopaa kirahisi. Asidi ya ndimu hukigeuza kuwa chumvi isiyopaa, kwa hiyo harufu hukatika. Lakini chumvi hiyo ingali ndani ya mbao mpaka uisuuze. Hapa ndipo bekingi soda ilipokuangusha, mama. Ukiipaka juu ya ndimu ambayo haijasuuzwa, hizo mbili huchemka povu na kumalizana, na soda inayobaki huirudisha sehemu ya harufu hewani. Kamua ndimu mbili, pakaza maji yake pamoja na vijiko viwili vya chumvi, sugua, acha dakika 10, kisha suuza mara mbili kwa maji mengi. Soda iache kabisa.

Kitunguu ni habari nyingine. Harufu yake inatokana na misombo ya salfa, na ndimu haiigusi sana. Inayoivunja ni haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya kusafishia vidonda inayouzwa duka la dawa. Subiri ndimu isuuzwe na uso ukauke, usichanganye hizo mbili. Vaa glavu, futa kibao kwa kitambaa kilicholowa peroksaidi, acha dakika 10, suuza. Mvule unaweza kupauka kidogo, lakini mafuta yataurudishia rangi.

Maji hayo yote yatazisimamisha nyuzi na uso utakwaruza kama ndevu za siku mbili. Ni jambo jema litokee sasa kuliko baada ya kupaka mafuta. Kikaushe tena, kisha piga msasa kufuata nyuzi: namba 80, halafu 120, halafu 180. Lainisha kingo ili zisimeguke. Usitumie sufi ya chuma, kwa sababu chembe zake zikikutana na maji na tanini ya mbao huacha madoa meusi.

Mafuta huja mwisho, pale tu kibao kimekauka na jaribio la maji ya moto halitoi harufu. Ukipaka kabla ya hapo unaifungia harufu ndani. Na yasiwe ya alizeti wala simsim. Hayo yakikaa kwenye mbao huchacha, na uchachu huo ndio ulioongezeka juu ya samaki wako. Nenda duka la dawa, uombe likwidi parafini, ile ya kunywa kwa mtu aliyefunga choo. Sema hivyo hivyo, kwa maneno yote, kwa sababu ukisema parafini tu kwetu Uganda utapewa mafuta ya taa, na hayo hayafai kugusa chakula. Likwidi parafini haichachi. Chupa mbili za mililita 100 zinakutosha. Paka pande zote, na ncha zilizokatwa kukingama nyuzi zipate mara mbili, maana ndizo zinazokunywa zaidi. Acha usiku kucha, futa kinachobaki, rudia kwa siku tatu. Ukipenda kuongeza kinga, yeyusha gramu 25 za nta ya nyuki ndani ya mililita 100 za mafuta hayo, bakuli likiwa juu ya maji ya moto na si juu ya moto wenyewe, kisha upake kwa kitambaa.

Kuna vibao nisivyokushauri uhangaike navyo: chenye ufa uliopita upande hadi upande, chenye weusi ambao bado unaonekana baada ya kuchonga milimita 3, chenye mbao laini inayobonyea kwa kucha, au kitakachobaki chini ya sentimita 2. Na kama mwenzako ana kipande cha gogo lililokatwa kukingama, kama vya wauza nyama, kisipite kwenye mashine ya randa kabisa. Jino linaweza kukipasua na kukirusha. Hicho ni cha msasa.

Kikirudi kazini, kilowanishe kwa maji baridi na kukifuta kabla ya kumweka ngege juu yake. Mbao iliyokwisha kunywa maji safi haina nafasi kubwa ya kunywa ute. Weka alama ya moto au ya kisu kwenye ubavu, upande mmoja uwe wa samaki na mwingine wa vitunguu. Na kila baada ya wiki chache dondoshea matone ya maji juu ya kibao kikavu. Yakisimama kama shanga, mafuta bado yapo. Yakitanda na kuzama, ni siku ya kupaka tena.