Wastani wa mada kwenye Pivot Table

"Mbona mada ya samaki wa Dunga inaongoza kwa wastani wa views, na video zake nyingi hazitazamwi?"

Ni video moja iliyovuma inayouvuta. Tuseme nne zina 900, 1,000, 1,100 na 21,000: wastani ni 6,000, ilhali ya kawaida yapata elfu moja tu. Kwenye Google Sheets, weka mada kwenye Rows, kisha Views mara tatu kwenye Values: AVERAGE, MEDIAN na COUNT. Mimi huamini MEDIAN, thamani ya katikati isiyovutwa na video moja, na mada yenye video mbili siihukumu. Pivot ya kawaida ya Excel haina MEDIAN. Pia, seli iliyoandikwa "samaki, Dunga" huhesabiwa kama mada nyingine kabisa, kwa hivyo kila video ipe mada kuu moja.